Stoki ya mifupa ya kuokwa imetoka chungu, na mifupa yenyewe haikuiva rangi. Nimekosea wapi?

mpishi_wa_mayungu
Salamu nyote. Niko Malindi, napikia vila moja upande wa Mayungu. Mwenye nyumba ni Muitaliano, na wageni wake wamezoea sosi nzito ya rangi ya tende juu ya nyama. Sosi hiyo haitoki kwenye vidonge vya supu. Inataka stoki ya mifupa iliyookwa mpaka ikageuka hudhurungi, pamoja na mboga zake.

Juzi nilijaribu. Nilichukua mifupa ya ng'ombe kilo 4 kutoka bucha, nikaipanga yote kwenye trei moja ya oveni. Juu yake nikamwaga vitunguu maji, karoti na seleri, vyote nimevikata vidogo vidogo kama vya kachumbari, nikapaka nyanya ya kopo kila mahali. Oveni ni ya gesi. Nikazungusha swichi mpaka 250 nikaacha saa nzima, kwa sababu niliambiwa siri ni moto mkali.

Nilipofungua, vitunguu vimekuwa mkaa. Ajabu ni kwamba mifupa ya chini ilikuwa bado ya kijivu, imelowa, kama imechemshwa. Ya juu ina madoa meusi nchani. Nikajipa moyo nikaitia maji, ikatokota saa 7. Rangi ilitoka, lakini ya majivu, na ukionja kuna uchungu unabaki kwenye koo. Bosi alionja kijiko kimoja akakirudisha. Alhamisi wageni wengine wanaingia. Nataka kujua kiwango cha joto na muda, na kama kuna njia ya kuokoa ile stoki niliyoiweka kwenye friji.

supu_na_chapati
Ndugu yangu, mifupa ya supu haiokwi. Unaiosha, unatia tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, ndimu, unaipandisha jikoni kutoka alfajiri. Makongoro hasa. Ukishaichoma utamu wote umeishia kwenye oveni. Hapo Majengo watu wanakunywa supu tangu zamani na hakuna aliyewahi kuchoma mfupa ila kumpa mbwa.

mpishi_wa_mayungu
Kaka, si supu ya kunywa. Hii ni ya kutengenezea sosi. Haitiwi hata chumvi.

supu_na_chapati
Supu bila chumvi. Haya, naendelea kusoma.

shefu_kijana
Mimi nimesomea upishi chuoni na sasa niko hoteli moja Watamu. Kosa lako la kwanza ni kuchanganya kila kitu pamoja. Mboga huiva rangi mapema kuliko mifupa, kwa hiyo huingia baadaye. Pili, kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20. Kitabu kikisema 220 wewe weka 200, kwa sababu upepo wa moto unafanya kazi haraka zaidi.

Moto mkali wenyewe ni sahihi. Mfupa ukipigwa na joto kali, ngozi ya juu inajifunga na kuufungia utamu ndani usitoke. Ndiyo maana tunaoka. Nyunyiza na unga wa ngano kidogo, rangi itakuja haraka.

mzee_wa_sufuria
Mwanangu shefu, habari ya mboga na ya feni umesema kweli. Lakini hiyo ya kufungia utamu ndani, hebu ifikirie mwenyewe. Tunachemsha mifupa saa 7 ili utamu utoke uingie majini. Kama tumeufungia ndani, tunachemsha nini? Hakuna kinachojifunga. Tunachokitafuta ni ladha mpya inayozaliwa pale juu, kwenye vile vinyama na vimaji vilivyoganda juu ya mfupa, vinapopata moto mkavu.

Nimekaa jikoni kwenye hoteli za huku Malindi tangu miaka ambayo ndege za Waitaliano zilikuwa zinajaa, na stoki ya aina hii nilikuwa naipika kila Jumatatu. Nitakueleza, ila kwanza nijibu maswali matatu. Mifupa ilitoka kwenye friza? Uliikausha? Na trei yako ina kingo za urefu gani?

mpishi_wa_mayungu
Shikamoo mzee. Ilitoka friza asubuhi, nikaiosha bombani, nikaitia hivyo hivyo. Trei ni ile ya kina kirefu, kama shubiri moja.

mzee_wa_sufuria
Marahaba. Basi kosa lako limeonekana, na halihusu mboga peke yake.

Kitu chenye maji hakipandi joto kupita nyuzi 100, hata oveni ikiwa 250. Maji kwanza yaondoke. Yakishaondoka ndipo ngozi ya nyama inapanda, na ikifika kama 140 hivi ndipo rangi inaanza kuja na ile harufu ya njugu za kukaanga. Mifupa yako ilikuwa na barafu ndani na maji ya bomba nje. Umeirundika tabaka mbili ndani ya trei yenye kuta ndefu, mvuke hauna pa kutokea. Ya chini ikapikwa kwa mvuke kama viazi vitamu. Wakati huo huo ile ya juu na vitunguu vinapigwa na moto wa 250. Ndiyo maana umepata vitu viwili vinavyopingana kwenye trei moja: mfupa mbichi chini, mkaa juu.

Sasa hivi ndivyo nilivyokuwa nafanya kwa kilo 4.

Mifupa itolewe friza siku moja kabla, ilale kwenye friji ya kawaida juu ya chekecheke ili ichuruzike. Asubuhi ipanguse kwa kitambaa safi. Mwambie wa bucha akupasulie vipande vya kama sentimita 8, na umwombe magoti na viungo zaidi kuliko mifupa ya uboho. Uboho ni mafuta tu, utamwagika kwenye trei na kutoa moshi. Kwenye goti ndiko kuliko ile gundi inayofanya stoki igande kama jeli ikipoa.

Washa oveni nusu saa kabla. Nyuzi 220. Tumia trei mbili za kingo fupi, mifupa ikae tabaka moja na pawe na nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande. Paka mafuta kidogo tu, ya kung'arisha. Ingiza. Baada ya dakika 20 fungua utazame chini ya trei. Ukiona maji yamejaa, yamimine kwenye sufuria yako ya stoki, usiyatupe, ila yasibaki mle. Kama dakika ya 35 geuza kila kipande. Kwa jumla ni dakika 50 mpaka saa moja. Muda ni wa kukukumbusha kufungua mlango tu, anayeamua ni jicho. Unataka rangi ya ukwaju uliokauka, pande zote, na ncha zisiwe nyeusi.

Mboga nitaieleza jioni, nina mgeni.

bintiwaamu
Salaam aleikum kutoka Amu. Mzee, hiyo ya mboga naona tunaijua sote bila kujua kwamba tunaijua. Si ndiyo vitunguu vya pilau? Ukivitoa vikiwa vya manjano, pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Ukivipitiliza dakika mbili, pilau nzima chungu, na hapo hakuna bizari wala nyama itakayoiokoa. Mamangu alikuwa akisema kitunguu cha pilau usikipe mgongo.

Swali langu mimi ni jengine. Huku nyumbani sina oveni. Nina jiko la makaa. Keki na mkate wa sinia naoka kwa moto juu na moto chini, yaani sufuria jikoni, kifuniko cha bati, na makaa yanapaliwa juu ya kifuniko. Naweza kuoka mifupa hivyo?

mzee_wa_sufuria
Waaleikum salaam. Dadangu umenimalizia somo. Kitunguu cha pilau ndicho hicho hicho, tofauti ni kwamba cha pilau unakitoa mapema kidogo kwa sababu kikitoka kwenye mafuta kinaendelea kuiva.

Swali la makaa nalirudia, acha nimalize la kijana.

Kwa kilo 4 za mifupa mboga zote pamoja zisizidi nusu kilo. Nusu yake ni vitunguu maji, robo karoti, robo seleri. Watu wengi hujaza karoti, stoki inakuwa tamu kama uji. Vikate vikubwa, vya sentimita 3 au 4. Ulivyokata kama kachumbari umekata vya kuungua. Kipande kidogo kina ngozi nyingi na maji machache, na kitunguu na karoti vina sukari, kwa hiyo vinakimbilia weusi.

Mifupa ikishaiva rangi, itoe uiweke kwenye sufuria. Kwenye trei kutabaki mafuta mengi. Mimina, bakiza kama vijiko vitatu. Tia mboga kwenye trei hiyo hiyo, zigeuzwe zipate mafuta, shusha oveni mpaka 200, urudishe. Dakika 25 mpaka 30, unageuza mara mbili. Uzuri wake ni kwamba maji ya kitunguu yanalainisha ule ukoko wa mifupa ulioganda chini ya trei, hauungui. Zikibakia dakika 10 ndipo unapaka nyanya ya kopo, vijiko vitatu vya mezani, unachanganya. Nyanya ukiitia mwanzo, nayo ina sukari, ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuungua. Unataka itoke kwenye wekundu iwe na rangi ya matofali.

Halafu ukoko. Usiioshe ile trei! Iweke juu ya moto mdogo wa jiko, mimina vikombe viwili vya maji, ukwangue kwa mwiko wa mbao mpaka chini paonekane bati. Simama mbali kidogo unapomimina, trei ina mafuta ya moto na maji yataruka. Hicho kimiminika ndicho robo ya ladha yako yote. Lakini kabla ya kukimimina kwenye sufuria, kionje. Chota kijiko, pulizia, onja. Kikiwa kitamu kama utandu wa nyama choma, mimina. Kikiwa na uchungu kwenye koo, mwaga chini bila huruma. Mifupa yako bado itafaa. Ukoko ulioungua ndio uliokuharibia ile ya kwanza, pamoja na vitunguu.

shefu_kijana
Mzee, chuoni tulifundishwa trei tofauti za mboga, zote zinaingia oveni wakati mmoja, mboga rafu ya chini. Unaokoa nusu saa nzima ya gesi. Na nyanya tulikuwa tunapaka kwenye mifupa, si kwenye mboga.

mzee_wa_sufuria
Trei tofauti si kosa. Katika oveni ya hoteli yenye feni, inafaa sana. Katika oveni ya gesi ya nyumbani, moto unatoka chini. Ukiweka mboga rafu ya chini umeziweka mlangoni mwa moto. Labda uziweke juu na mifupa chini. Nyanya juu ya mifupa pia watu wanafanya, dakika 10 za mwisho. Mimi naona kwenye mfupa inashika nchani na kuungua, kwenye mboga inajichanganya. Unga wa ngano ndio sikubaliani nao. Utaifanya stoki iwe na ukungu hata ukichuja mara tatu.

shefu_kijana
Unga sisi tunatia na haijawahi kuwa na ukungu. Tukubaliane kutokubaliana hapo mzee wangu.

gesi_imeisha
Nauliza kwa niaba ya mifuko yetu. Saa moja ya oveni, tena nusu saa ya mboga, tena saa 7 za kutokota. Mtungi wa kilo 13 utafika mwisho wa mwezi kweli? Na je, mifupa hiyo hiyo haiwezi kukaangwa tu kwenye sufuria?

mzee_wa_sufuria
Inaweza, kwa vipande vichache. Kwenye sufuria kinachogusa bati ndicho kinachoiva rangi, na mfupa haujanyooka kama mnofu. Utageuza mpaka mkono uchoke, na pale katikati ukoko unaungua wakati pembeni bado. Kwa kilo moja kaanga. Kwa kilo 4 oka. Kutokota, hamishia kwenye makaa, mradi isichemke kwa nguvu. Povu dogo linalopanda moja moja ndilo unalolitaka.

mpishi_wa_mayungu
Mzee nimeandika yote kwenye daftari. Ila nina wasiwasi na oveni yenyewe. Namba za swichi zimefutika nusu, na sina imani kwamba 220 yake ni 220. Kipimajoto cha oveni hapa mjini sijakiona, mpaka niagize Mombasa.

mzee_wa_sufuria
Tumia sukari. Sukari nyeupe ya chai inayeyuka kama kwenye nyuzi 186. Kata kipande cha foili, kunja kama kisahani, tia nusu kijiko cha sukari. Weka swichi 175, subiri nusu saa oveni itulie, ingiza kisahani katikati kwa dakika 15. Sukari inatakiwa ibaki chenga. Toa, panda mpaka 200, subiri tena, weka sukari nyingine dakika 15. Sasa inatakiwa iyeyuke. Kama iliyeyuka kwenye 175, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Kama haikuyeyuka kwenye 200, ni baridi. Usiiache zaidi ya robo saa, maana sukari ikikaa sana hugeuka rangi hata kabla ya kufika, na itakudanganya.

Ile stoki chungu ya friji, usihangaike nayo. Uchungu haupungui kwa kuongeza maji wala sukari, na ukiipunguza kutengeneza sosi ndio kwanza unauzidisha.

supu_na_chapati
Hapo kwenye sukari nimekuheshimu.

bintiwaamu
Mzee usinisahau na makaa yangu.

mzee_wa_sufuria
Sijakusahau bibi. Sijawahi kuoka mifupa kwa makaa ya juu na chini, kwa hiyo nakupa ninavyofikiri, si nilivyoona. Moto unatosha, kama unaivisha mkate basi ukiongeza makaa ya juu utapata rangi. Shida ni kifuniko. Keki inataka mvuke wake kidogo, mfupa hautaki kabisa. Ningekuwa mimi ningetia mifupa tabaka moja tu, na kila dakika 10 nifungue kifuniko mvuke utoke. Makaa mengi juu, machache chini. Jaribu na kilo moja utuambie.

bintiwaamu
Nitajaribu yeo jioni. Mume wangu ana safari ya baharini, mvuke na moshi vyote ni vyangu peke yangu.

mpishi_wa_mayungu
(baada ya siku mbili)
Wakuu, nimerudi. Nianze na sukari. Kwenye 175 iliyeyuka yote, ikawa kama kioo. Nikashusha mpaka 160, nikasubiri, nikatia nyingine, ikabaki chenga. Nadhani oveni yangu inazidi kwa nyuzi kama 15 au 20. Kwa hiyo ile 250 yangu ya juzi ilikuwa inakaribia 270! Safari hii nikaweka swichi 200 nikaihesabu ni 220.

Mifupa kilo 4, magoti zaidi ya nusu, imelala friji usiku kucha. Trei mbili fupi, moja nimeazima kwa jirani anayeoka keki. Dakika ya 20 nikafungua, trei ya chini ilikuwa na maji ya kijivu kama kikombe kimoja, ya juu haina. Nikamimina. Dakika ya 35 nikageuza na kubadilisha trei, ya juu chini, ya chini juu. Hapo ndipo nilipogundua kona ya nyuma kushoto ya oveni yangu ni shetani. Vipande vinne vya kona hiyo vilikuwa tayari vya rangi ya ukwaju, vya mbele bado vina rangi ya biskuti. Vile vinne nikavitoa kabla, vingine nikavizungusha. Kimoja kilikuwa na ncha nyeusi, nikaikwangua kwa kisu.

Dakika ya 55 nikatoa vyote. Harufu ilifika mpaka kwa askari wa getini, akaja kuuliza kama kuna nyama choma.

Mboga gramu 500 kama ulivyosema, nikatumia trei moja tu, ile yenye ukoko mzuri. Ya pili niliikwangua peke yake. Na hapa ndipo ulipoponyesha sufuria yangu, mzee. Ukoko wa trei ya kwanza ulikuwa mtamu. Wa trei ya pili, iliyokaa chini kwenye moto mwanzoni, niliuonja nikasikia kile kiuchungu cha juzi, kwa mbali. Moyo uliniuma lakini nikaumwaga. Bila kuonja ningeuchanganya wote.

Maji baridi lita 6, nikaenguwa povu nusu saa ya kwanza, halafu moto mdogo saa 7. Mboga nilizitia zimebakia saa 2. Nimepata lita 4 kasoro kidogo. Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea, unaona kijiko chini. Baada ya kulala friji imeganda, ukitikisa bakuli inatetemeka. Mafuta yameganda juu, nimeyabandua.

shefu_kijana
Safi. Kwa nini mboga saa 2 za mwisho? Sisi tunatia mwanzo.

mpishi_wa_mayungu
Nilisahau kuzitia mwanzo, kaka. Zilikuwa kwenye bakuli juu ya friji.

mzee_wa_sufuria
Ndivyo ninavyofanya hata mimi, japo si kwa kusahau. Karoti ikipikwa saa 7 inavurugika na kuficha ladha ya nyama. Wapo wanaotia mwanzo na stoki zao ni nzuri, sitagombana na mtu kwa hilo. Na hongera kwa kumwaga ule ukoko. Wengi hawana moyo huo.

gesi_imeisha
Mtungi je?

mpishi_wa_mayungu
Gesi ni ya bosi. Lakini kutokota nilihamishia kwenye makaa kama mzee alivyosema.

shefu_kijana
Na bado nasema, ukinyunyizia unga dakika 10 za mwisho ungepata rangi hiyo dakika 45.

bintiwaamu
Na mimi nilijaribu. Kilo moja, mifupa ya mbuzi maana ndiyo niliyopata. Mara ya kwanza sikufungua kifuniko robo saa nzima, nikakuta maji yametuama na mifupa imepauka vile vile kama ya mpishi wa Mayungu. Nikayamwaga kwenye kikombe, nikaongeza makaa juu, nikaacha kifuniko kimeegemea upande kwa kijiti ili kiwe na mwanya. Hapo ikaanza kubadilika. Ilichukua saa moja na robo. Juu imeiva rangi nzuri, chini imekoza zaidi mahali pawili patatu. Ukoko niliuonja, hauna uchungu, lakini una moshi. Sijui moshi umeingilia wapi na makaa yako juu ya kifuniko. Labda kwenye ule mwanya.

Mchuzi wake nilipikia wali, ni mtamu, ila una kitu cha mishkaki ndani yake. Kwa sosi ya Muitaliano sijui kama ungefaa.

mzee_wa_sufuria
Kwa wali mimi ningeuchukua huo. Kwa sosi, sijui. Mwanya uuelekeze upande usio na upepo, na makaa yawe yameshashika wekundu kabla hujayapalia. Makaa mabichi ndiyo yenye moshi. Ukijaribu tena sema.

bintiwaamu
Ijumaa inshallah.

supu_na_chapati
Nimesoma uzi wote kutoka juu. Swali moja tu la mwisho. Makongoro nayo yanaokwa?

mzee_wa_sufuria
Mimi huyatia bila kuoka. Yakichomwa manyoya na kukwanguliwa yanatosha. Yanaleta gundi, rangi iache mifupa ilete. Kongoro moja kwa kilo 4.

supu_na_chapati
Kongoro moja kwa kilo 4, na matatu yaliyobaki?

mzee_wa_sufuria
Hayo pika supu yako. Tia chumvi.